Sonara Aliniambia Moto Umekula Dhahabu ya Mama

*Fundi, habari za kazi. Naishi Nyakato hapa Mwanza na binti yangu anaolewa mwezi ujao. Nilichukua bangili nne za marehemu mama nikampelekea sonara mmoja mjini anitengenezee mkufu na hereni. Alizipima mbele yangu zikawa gramu 40, akazisugua kwenye jiwe, akatia dawa, akasema ni karati 22 bila shaka. Tukakubaliana ufundi shilingi 20,000 kwa kila gramu ya kazi itakayotoka. Nimekwenda kuchukua, mkufu na hereni pamoja vina gramu 35.2. Nilipouliza nyingine ziko wapi akasema huo ni upotevu, asilimia 12, moto unakula dhahabu na masonara wote ndivyo wanavyokata. Siku ya kwanza hakunitajia jambo hilo. Ufundi nimelipa 704,000. Bei ya dhahabu safi siku hiyo ilikuwa 300,000 kwa gramu, aliniandikia mwenyewe kwenye kikaratasi. Sasa nataka na pete ya gramu 4, ananiambia ninunue dhahabu yake. Jirani yake naye ananiita, anasema kwake karati 22 ni 340,000 kwa gramu na ufundi ni bure. Nimeibiwa, au kazi ndivyo ilivyo? Na nimrudie vipi bila ugomvi?*

*Mama wa bibi harusi, Nyakato*

Mama, hongera kwa kuoza, na pole kwa usumbufu. Nimekulia nyuma ya duka la sonara, nimefagia chini ya meza yake kabla sijaruhusiwa kushika tupa, kwa hiyo barua yako nimeisoma kama mtu anayeiona hiyo meza mbele yake. Ufundi uliolipa ni halali yake. Zile gramu 4.8, kwa jinsi alivyokueleza, si halali yake zote.

Nianze na huo moto. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,064, na ili igeuke mvuke inahitaji joto linalopita nyuzi 2,800. Moto wa gesi wa mezani kwa sonara unatosha kuifanya iwe kama uji unaong'aa kwenye chungu, basi. Hauifukuzi hewani. Dagaa ukiwaanika pale mwaloni wanapungua uzito kwa sababu maji yametoka. Dhahabu haina maji ya kutoa. Kinachoweza kuungua au kutoka kwenye bangili kuukuu ni vitu vingine: mafuta na sabuni vilivyoganda kwenye nakshi, lehemu ya zamani kwenye maungio, na sehemu ndogo ya shaba iliyochanganywa, ambayo moto huifanya nyeusi na boraksi huichukua.

Sasa tazama hesabu yako mwenyewe, maana ndiyo inayosema kuliko mimi. Karati 22 maana yake ni kwamba katika kila sehemu 24 za uzito, 22 ni dhahabu na mbili ni shaba na fedha zilizotiwa ili iwe ngumu. Kwenye gramu zako 40, dhahabu tupu ni gramu 36.67, na hizo shaba na fedha ni gramu 3.33. Tuseme basi, kwa kumpendelea sana sonara, kwamba moto ulikula shaba yote na fedha yote isibaki hata chembe. Ungebaki na gramu 36.67 za dhahabu ya karati 24. Yeye amekupa 35.2, na bado anasema ni karati 22. Hata moto wa ajabu wa namna hiyo usingefika kwenye uzito wake. Kuna dhahabu yenyewe, siyo shaba tu, ambayo ilitoka kwenye bangili za mama yako na haimo kwenye mkufu wa binti.

Na kuna dalili nyingine ndogo. Asilimia 12 ya 40 ni 4.8 kamili, na 40 ukitoa 4.8 ni 35.2 kamili. Upotevu wa kweli hauji hivyo. Ukipima kazi iliyotoka mkononi utapata 39.27, utapata 38.84, namba zisizo na mpangilio. Upotevu unaoangukia sawasawa juu ya asilimia umetoka kwenye kikokotoo, haukutoka kwenye mizani.

Upo utetezi mmoja ambao ningeusikiliza kwa makini. Bangili za zamani huwa na lehemu nyingi, na nyingine zilijazwa nta au lami ndani ili zisibonyee. Kama ndani kulikuwa na kitu kingine, au kama bangili zilikuwa za karati ya chini kuliko ilivyosemwa na yeye akaisafisha dhahabu mpaka kufika 22, uzito ungeshuka kihalali. Chukulia zingekuwa karati 20: dhahabu tupu ndani yake ingekuwa gramu 33.33, na hiyo ukiifanya karati 22 unapata gramu 36.36 tu. Lakini yeye alizipima kwenye jiwe mbele yako akasema 22. Na kusafisha dhahabu mpaka iwe tupu ni kazi ya tindikali na muda, ndiyo kazi ya kile kiwanda cha kusafishia dhahabu kilichozinduliwa hapa Mwanza mwaka 2021. Angekuwa ameifanya asingekosa kukwambia, na angeidai pesa yake. Yeye alisema moto.

Basi dhahabu huenda wapi? Nikupeleke mezani. Bangili zinakatwa, zinawekwa kwenye chungu na boraksi kidogo, zinayeyushwa, zinamiminwa kwenye kalibu kinatoka kijiti. Kile kijiti kinapitishwa kwenye rola, kisha kinavutwa kwenye chamburo, lile bamba la chuma lenye matundu yanayopungua, tundu baada ya tundu, mpaka kiwe waya wa unene unaotakiwa. Mpaka hapo karibu hakuna kilichopotea. Nikipima kijiti nikakuta kimepungua nusu gramu kutoka 40, nasema bangili zilikuwa na uchafu. Waya unazungushwa kwenye fimbo ya chuma kama springi, unakatwa kwa msumeno mwembamba kama uzi, na kila mkato unatoa kipete kimoja na unga kidogo. Mkufu wa sentimita 45 wenye vipete vya milimita tatu tatu una vipete kama 150. Kila kimoja kinafungwa, kinatiwa lehemu, kinapigwa moto, kinapitishwa tupa. Halafu msasa, tindikali ya kusafishia, na mwisho kung'arisha kwenye brashi inayozunguka.

Angalia sasa kila kinachodondoka. Ncha za waya zilizobaki ni dhahabu ile ile, unaziona kwa macho. Unga wa msumeno na tupa unaangukia kwenye ngozi iliyofungwa chini ya meza, mbele ya tumbo la fundi, na jioni unakusanywa kwa brashi laini. Mimi nilikuwa nakabidhiwa sumaku kuupitishia ule unga ili chembe za chuma za tupa zinate, kisha unga unafungwa kwenye karatasi na kuandikwa. Beseni la kunawia mikono halikumwagwa hovyo: maji yalikaa usiku kucha, asubuhi yanapunguzwa taratibu kwa juu, tope la chini linawekwa kwenye kopo. Hata takataka za kufagia na vitambaa vya kung'arishia viliwekwa kwenye debe, vikachomwa baada ya miezi, majivu yake yakauzwa. Kama unga ule ungekuwa hauna thamani, tusingenawa mikono kwenye beseni moja wiki nzima.

Wewe ni mtu wa Mwanza, utanielewa nikisema hivi: ule unga ni mapanki ya sangara. Minofu imepanda ndege, lakini mapanki hayatupwi ziwani, yana mnunuzi wake na bei yake. Wachimbaji wa Geita nao mchanga uliokwisha kuoshwa hawautupi, wanauita marudio na unauzwa tena. Kwa hiyo kuna vitu viwili ambavyo sonara wako amevitia kwenye neno moja. Kuna dhahabu iliyotoka kwenye mkufu lakini bado imo karakanani, na kuna dhahabu iliyopotea kabisa, ile ya kwenye brashi ya kung'arishia na kwenye nyufa za sakafu. Ya kwanza ni mali yako, au ni kitu cha kukatwa kwenye malipo. Ya pili tu ndiyo upotevu.

Hiyo ya pili ni kiasi gani? Kwa kazi ya mkono ya mkufu wa vipete na hereni, ukiondoa unga unaorudi kwenye karatasi, mimi naona asilimia 2 ni haki, na fundi akiniambia 3 kwa sababu hereni zina nakshi nyingi sigombani naye. Pete laini isiyo na nakshi hata 1 ni nyingi. Kumi na mbili siyo upotevu wa kazi yoyote niliyoiona mezani.

Lakini usimwite mwizi bado, mama, maana hiyo asilimia ina historia yake. Desturi ya kukata upotevu imekuja na masonara wenye asili ya India. Mwenye duka alikuwa akimpa fundi dhahabu na kumruhusu asilimia fulani ya upungufu. Fundi aliyekuwa makini akakusanya unga wake vizuri, alibaki na kile alichokiokoa, nacho kikawa sehemu ya mshahara wake. Ndiyo kusema tangu mwanzo upotevu ulikuwa ufundi unaolipwa kwa dhahabu badala ya shilingi. Duka likikuuzia mkufu wake mwenyewe na kukuandikia gramu, upotevu na ufundi, hiyo ni namna yake ya kutaja bei, nawe una hiari ya kukubali au kuondoka. Kwako mambo ni tofauti kwa sababu mbili. Dhahabu ilikuwa yako, na asilimia haikutajwa kabla moto haujawashwa. Ungeelezwa ukakubali, ningekwambia ni bei mbaya lakini ni bei. Kukata baada ya kazi ni jambo jingine.

Ili ujue ulilipa nini hasa, geuza kila kitu kuwa shilingi. Dhahabu safi ikiwa 300,000, gramu ya karati 22 ni 300,000 mara 22 gawanya kwa 24, yaani 275,000. Gramu 4.8 alizokata ni shilingi 1,320,000. Ongeza ufundi wa 704,000 unapata 2,024,000. Gawa kwa gramu 35.2 ulizopewa: ufundi wako halisi ni 57,500 kwa gramu, wakati ulikubaliana 20,000. Karibu mara tatu.

Na huyo jirani wa ufundi bure? Mfanyie hesabu ile ile. Anauza 340,000 kitu ambacho madini yake ni 275,000. Shilingi 65,000 katika kila gramu si dhahabu. Ufundi wake haukuwa bure, umejificha ndani ya bei ya gramu, na ni mkubwa kuliko hata ule uliokuumiza. Usiende huko kwa hasira ya huyu. Swali la kumwuliza muuzaji yeyote ni moja: bei ya dhahabu safi leo ni ngapi? Ukishaijua, zidisha kwa karati, gawa kwa 24, na chochote kilicho juu ya hapo ni kazi, faida na kodi. Tena akisema 300,000 kwa gramu ya karati 22 "bila ufundi", ujue amekuuzia 22 kwa bei ya 24.

Nataka niseme neno juu ya ule ufundi wa 20,000 kwa gramu, kwa sababu wateja wengi wakishagundua upotevu wanakuja na moto wa kukataa na ufundi. Vile vipete 150 mtu alivifunga kimoja kimoja akiwa ameinamisha shingo. Kuna gesi, kuna tindikali, kuna nyuzi za msumeno zinazokatika kila saa, na kuna siku lehemu inakimbilia pasipotakiwa na vipete vitatu vinashikana, vinakatwa na kuanzwa upya. Shilingi 704,000 kwa mkufu na hereni vya gramu 35 mimi naiona ni haki. Tatizo langu na ufundi wa kwa gramu ni kwamba haufuati kazi: hereni za nakshi za gramu 3 humla fundi siku nyingi kuliko bangili nzito ya gramu 20 isiyo na pambo, ila kwa gramu bangili ndiyo inayomlipa. Ndiyo maana mafundi wengine hufidia hereni kwa kuficha upotevu. Afadhali kila kitu kiwe na bei yake ya ufundi, hereni yake, mkufu wake.

Na ukumbuke kwamba ufundi haurudi. Siku binti akishikwa na shida akaupeleka mkufu sokoni, mnunuzi atapima gramu na karati, hatauliza vipete vilifungwa na nani. Kati ya fedha zote mlizotoa, kitakachobaki kama akiba ni madini tu, nayo mnunuzi atayapunja kidogo ili apate faida yake.

Kabla hujarudi kwa sonara, fanya jambo moja: pima karati ya mkufu mahali pengine. Uzito peke yake hausemi ukweli wote, kwani fundi asiye mwaminifu anaweza kutoa dhahabu akatia shaba, uzito ukabaki mzuri machoni. Ingekuwa amekurudishia gramu 40 kamili ningekuwa na wasiwasi zaidi kuliko sasa. Tafuta duka lenye mashine ya kupima kwa mionzi, haikwangui na inachukua chini ya dakika. Unatafuta 916 au karibu nayo, yaani sehemu 916 za dhahabu katika kila 1,000, ndiyo karati 22. Waambie wapime kwenye tumbo la kipete, siyo kwenye ungio, na wapime sehemu tatu nne pamoja na ndoano ya kufungia na hereni zote mbili, maana mashine hiyo inaona ngozi ya juu tu. Kwenye maungio namba itashuka kidogo kwa sababu lehemu ni ya karati ya chini, hilo ni la kawaida. Lakini vipete vyenyewe vikisoma 875, hiyo ni karati 21, na kwa gramu 35.2 tofauti yake ni shilingi 440,000. Hapo mazungumzo yanakuwa mengine.

Kama karati iko sawa, nenda asubuhi wateja hawajajaa, ukae, msalimiane. Usianze na neno la wizi. Mwulize: "Fundi, kijiti kilipotoka kwenye kalibu kilikuwa gramu ngapi?" Sonara mzoefu anapima hapo kila mara, kwa sababu ndipo anapojua alichopokea. Akikwambia 39.6, basi moto na uchafu umechukua 0.4, na gramu 4.4 nyingine zilikuwa bado mkononi mwake akiwa na dhahabu baridi. Kisha mwulize: "Ncha za waya na unga wa tupa viko wapi?" Atajua kwamba anaongea na mtu aliyeambiwa.

Pengine atakujibu kwamba alitia lehemu yake. Kubali, lakini haibadili hesabu ya uzito. Kama nusu gramu ya lehemu yake imeingia kwenye mkufu na mkufu una gramu 35.2, basi ya mama yako mle ndani ni 34.7 na nusu gramu zaidi imebaki kwake. Mmebadilishana. Tena yeye amepata iliyo bora, kwa kuwa ya mama yako ni karati 22 na lehemu iko chini ya hapo.

Halafu mpe njia ya kutokea, na hapa ndipo pete yako inapoingia. Mwambie unakubali asilimia 2 ya upotevu, gramu 0.8, ambayo ni shilingi 220,000 na si kidogo. Zinabaki gramu 4.0. Hizo hizo ndizo ziwe pete. Hununui dhahabu ya 1,100,000 aliyotaka ununue, na yeye hatoi fedha mfukoni. Ufundi wa pete mlipe. Kwa bei yake ya 20,000 kwa gramu haizidi shilingi 80,000. Pete itatoka na gramu 3.7 hivi, siyo 4, kwa sababu kuna kitakachokatwa na kupigwa tupa, nacho kirudi kwako kwenye karatasi. Mimi namjua sonara wa namna hii: ukimtaka arudishe fedha atakuwa mkali mbele ya wateja wake, ila ukimtaka amalize kazi kwa dhahabu iliyomo kwenye droo yake, mara nyingi ataona ni nafuu.

Akikataa kabisa, usikubali kumwachia mkufu "aurekebishe". Ukiyeyushwa tena utalipa ufundi mara ya pili na kupoteza tena. Dai risiti ya mashine ya 704,000, tunza kile kikaratasi alichokuandikia, na kama una shaka na mizani yake, Wakala wa Vipimo ndio wanaokagua mizani za biashara. Iliyokaguliwa huwa na stika yao. Kwa pete, nenda kwa fundi mwingine.

Kwa fundi yeyote, huyo huyo au mwingine, andikeni kabla ya kazi, hata kwenye karatasi ya daftari, na nyote wawili mtie sahihi:

*Nimepokea dhahabu ya mteja gramu 4.00, karati 22. Kazi: pete moja laini. Ufundi: shilingi 80,000 kwa kazi nzima. Upotevu usizidi gramu 0.04. Vipande na unga vitarudishwa kwa mteja. Pete ipigwe muhuri 916.*

Siku ya kuchukua, weka kwenye mizani ile ile pete pamoja na kikaratasi cha vipande na unga, baada ya kuipima karatasi tupu. Jumla iwe 3.96 au zaidi. Ukikuta 3.85, mwambie apige brashi tena ile ngozi ya chini ya meza huku umekaa hapo. Nilishaona mara nyingi sehemu iliyopungua ikipatikana kwenye mikunjo yake.